Odi zikishuka kabla ya kikosi kutoka: uwahi au usubiri?

*"Nabeti mechi za Uingereza. Ijumaa nasikia mshambuliaji ana maumivu ila huenda akacheza. Nikisubiri kikosi kitoke, odi imeshashuka. Nikiwahi, kikosi kinatoka bila yeye. Kuna grupu la Telegram linauza vikosi mapema, nilipe? Na wiki iliyopita nilikopa laki moja kwa sababu nilikuwa na uhakika anacheza, hakucheza. Sahihi ni kuwahi au kusubiri?"*

Ndugu yangu, kwa mtu anayepata habari zake mahali pale pale wanapozipata wengine, sahihi ni kusubiri. Sababu yake pengine si ile unayoidhania, kwa hiyo nitaieleza taratibu na kwa hesabu. Suala la mkopo nitalifikia baadaye, na usiliruke.

Tuanze na odi iliyoshuka, kwa sababu ndiyo inayokuuma. Unaona 1.83 siku ya Ijumaa, halafu Jumamosi baada ya kikosi unaikuta 1.70, na moyoni unasema umeibiwa 0.13. Hukuibiwa. Hizo ni bidhaa mbili tofauti. Odi ya Ijumaa ilikuwa ya timu ambayo huenda ina mshambuliaji wake na huenda haina. Odi ya Jumamosi ni ya timu ambayo tayari anayo. Ya pili ina nafasi kubwa zaidi ya kushinda, kwa hiyo ni haki bei yake iwe ndogo. Ni kama kununua embe sokoni: muuzaji anayekuuzia bila kukuruhusu kulibonyeza anakupunguzia, na anayekuruhusu ubonyeze ujue limeiva anaongeza bei. Wa pili hajakudhulumu.

Sasa tuweke namba. Huu ni mfano wa kufundishia, si mechi fulani. Timu ya nyumbani ikiwa na mshambuliaji wake, nafasi yake ya kushinda ni asilimia 56. Bila yeye ni asilimia 48. Siku ya Ijumaa kocha anasema "tutamwangalia kesho asubuhi", na soko linachukulia kwamba ni nusu kwa nusu. Wastani wa 56 na 48 ni 52. Odi ya haki kwa asilimia 52 ni 1 gawanya kwa 0.52, yaani 1.92. Kampuni haikupi 1.92. Inakata fungu lake, tuseme karibu asilimia 5, inakuwekea 1.83.

Kikosi kikitoka naye yumo, odi ya haki inakuwa 1.79 na wewe utaiona 1.70. Kikitoka bila yeye, ya haki ni 2.08 na wewe utaiona 1.98. Piga hesabu ya dau la shilingi 10,000 kwa njia zote tatu. Ijumaa: asilimia 52 mara 18,300, wastani wa kurudi ni kama 9,500. Jumamosi akiwa ndani: asilimia 56 mara 17,000, ni kama 9,500. Jumamosi akiwa nje: asilimia 48 mara 19,800, tena ni kama 9,500. Mara zote tatu unaacha mezani shilingi 500 hivi kwa kila elfu kumi. Kuwahi hakukukuletea chochote, na kusubiri hakukukugharimu chochote.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Wanadhani mwendo wa odi ndio faida yenyewe. Mwendo wa odi ni faida kwa yule tu ambaye, odi ilipokuwa 1.83, alijua jambo ambalo soko halikulijua.

Basi tuseme wewe unajua. Umefuatilia timu hii misimu mitatu, umemsikiliza kocha, umeona picha za mazoezi ya Alhamisi, na kwa haki kabisa unaamini uwezekano wa huyu mtu kuanza ni asilimia 80, wakati soko linasema 50. Hiyo ni tofauti kubwa mno, wachache sana wanayo. Nafasi ya timu kushinda kwa macho yako ni 0.8 mara 56 jumlisha 0.2 mara 48, jumla asilimia 54.4. Zidisha kwa 1.83 na dau la elfu kumi: inarudi wastani wa 9,955. Bado unapoteza, ingawa ni kidogo. Ili hesabu ikae sawa kabisa, isikupe wala isikunyang'anye, unapaswa uwe na uhakika wa kweli wa asilimia 83 hivi pale soko linaposema 50. Na nasema uhakika wa kweli, maana yake katika kila habari kumi za aina hiyo, nane na zaidi zinatokea kama ulivyosema, si zile unazozikumbuka tu.

Sababu ni kwamba mchezaji mmoja, hata nyota, husogeza nafasi ya timu kwa kiasi kidogo kuliko tunavyohisi, na fungu la kampuni linameza sehemu kubwa ya mwendo huo. Kuna na kodi. Katika nchi zetu serikali hukata sehemu ya ushindi au ya dau, na viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo angalia cha sasa kwenye kampuni yako. Ukichukulia kwa mfano tu kwamba inakatwa asilimia 10 ya faida, ile 1.83 mfukoni mwako ni 1.747. Na ule uhakika wako wa asilimia 80 sasa unarudisha 9,500 kwa elfu kumi. Umejua kuliko soko zima na bado umepoteza mia tano.

Kuna kitu kimoja kinachobadilisha hesabu hiyo zaidi ya dakika ulizowahi, nacho ni bei. Kampuni nyingine siku hiyo hiyo ya Ijumaa inaweza kuwa na 1.88 kwa timu ile ile. Kwa uhakika wako wa asilimia 80, kabla ya kodi, 1.88 inarudisha kama 10,230. Pointi tano za odi zimekutoa kwenye hasara zikakuweka kwenye faida. Mtu anayehangaika kuwahi kwa nusu saa huku akibaki na kampuni moja maisha yake yote anahangaikia kitu kidogo na kukiacha kikubwa.

Sasa habari zenyewe husafirije? Ukijua njia yake, utajua pia wewe umesimama wapi kwenye foleni.

Mchezaji akiumia mazoezini Jumatano, wa kwanza kujua ni walio uwanjani: madaktari wa timu, wenzake, benchi la ufundi. Kisha familia, mawakala, na waandishi wachache wanaokaa na klabu hiyo mwaka mzima. Wabashiri wakubwa wanaofanya kazi kwa makundi, wenye watu wa kukusanya habari na kompyuta za kuzipima, huzipata katika hatua hii au karibu nayo. Huweka pesa kwenye kampuni zinazopokea dau kubwa bila kumfungia anayeshinda, Pinnacle ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo, na kwenye masoko ambako wabashiri huuziana wao kwa wao kama Betfair. Bei ikisogea huko, kampuni nyingine zinaifuata, kwa sababu nyingi hazipangi odi zao zenyewe, zinalishwa na watoa data kama Sportradar au zinatazama masoko hayo. Mkutano wa kocha na waandishi unapofanyika, kwa kawaida siku moja kabla ya mechi, mara nyingi sehemu ya mwendo imeshakwisha. Wewe unasikia redioni jioni. Habari ni mpya kwako, lakini kwenye bei ni ya jana.

Angalia mfano wa Rodri. Jumapili tarehe 22 Septemba 2024 alitoka uwanjani kipindi cha kwanza Manchester City ilipocheza na Arsenal, akishika goti. Klabu ilithibitisha rasmi Jumatano tarehe 25 kwamba ni jeraha la kano za goti. Mechi iliyofuata ya ligi ilikuwa ugenini kwa Newcastle, Jumamosi tarehe 28, ikaisha 1-1. Aliyeamka Jumamosi, akasoma kikosi, akaona Rodri hayumo na kukimbilia simu yake alikuwa amechelewa karibu siku sita. Hata aliyesubiri taarifa ya Jumatano alikuwa nyuma, kwa sababu kila aliyeitazama ile mechi Jumapili aliona anavyotoka. Kikosi kinapotoka, kinachosogeza bei ni kile tu ambacho hakikutarajiwa.

Kwa Ligi Kuu ya Uingereza, vikosi hutangazwa saa moja na robo kabla ya mpira kuanza, zamani ilikuwa saa moja. Mechi ya Jumamosi ya saa tisa alasiri kwao ni saa kumi na moja jioni kwetu majira yao ya kiangazi, kwa hiyo kikosi kinatoka saa kumi kasorobo. Saa zao zikirudi nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi inahamia saa kumi na mbili na kikosi saa kumi na moja kasorobo. Wengi hukosea hapo: wiki ya kwanza baada ya mabadiliko wanasubiri kikosi saa ile ile ya zamani, hawakioni, wanadhani mtandao ni mbovu.

Kinachotokea dakika ile ni hiki. Klabu inaweka orodha. Programu za kompyuta zinaisoma mara moja na kuilinganisha na orodha iliyotarajiwa. Kama kuna jina kubwa limekosekana, kampuni inafunga soko la mechi hiyo, kwenye simu unaona kufuli au odi zinakuwa kijivu, halafu linafunguliwa na bei mpya. Unaposoma majina kumi na moja, ukafika la tisa, ukashtuka kwamba fulani hayupo, ukafungua apu, kazi imeshakwisha. Hiyo si mbio ya mtu na mtu.

Wapo watakaokuambia kuna kampuni zinazochelewa, na ni kweli zipo, hasa kwenye masoko madogo kama kona, kadi, au magoli ya timu moja. Lakini soma masharti yake. Karibu zote zina kifungu kinachoziruhusu kufuta dau lililopokelewa kwa bei iliyokosewa wazi, na mteja anayerudia kuchukua bei zilizopitwa na wakati hupunguziwa kiwango cha dau mpaka hawezi kuweka zaidi ya pesa ya soda. Si njia ya kujengea chochote.

Kwenye simu yako kuna kitu kimoja cha kurekebisha leo. Fungua mkeka kabla ya kuthibitisha, tafuta kisanduku kinachosema kubali mabadiliko ya odi. Apu nyingi zinakuwekea kimeshatiwa tiki. Kikiwa hivyo, unabonyeza ukiona 1.98, soko linasogea, na dau linapita kwa 1.80 bila kukuuliza. Kiondoe tiki, au chagua kukubali odi inapopanda tu. Dakika za kikosi ndizo ambazo kisanduku hicho kinawaumiza watu.

Nije kwenye grupu la Telegram. Usilipe. Fikiria biashara yenyewe: mtu mwenye kikosi cha kweli saa tatu kabla, na kwa uhakika, anaweza kukitumia mwenyewe. Akiwauzia watu mia mbili kwa bei ya chakula cha mchana, ama hana, ama anacho mara moja moja. Wengi wao huandika kikosi cha kukisia. Kwa timu zenye kikosi kinachojulikana, hata shabiki wa kawaida anapatia majina tisa au kumi kati ya kumi na moja. Ujumbe uliokosea unafutwa, uliopatia unabaki na kupigwa picha. Ukitaka kulipima grupu, piga picha ya kila kikosi wanachotuma kabla hakijafutwa, kwa wiki nne, bila kuweka hata shilingi. Usihesabu majina waliyopatia. Hesabu majina ya kushtua tu, yale ambayo waandishi hawakuyataja. Ndiyo pekee yenye thamani.

Na kama kweli habari imetoka ndani ya klabu, ujue aliyeitoa anavunja kanuni za Chama cha Soka cha Uingereza, ambazo zinakataza wachezaji na wafanyakazi kupitisha habari za ndani kwa ajili ya kubeti. Kieran Trippier alifungiwa wiki 10 na kutozwa faini ya pauni 70,000 mwezi Desemba 2020 kwa habari za uhamisho wake mwenyewe kwenda Atletico Madrid. Mchezaji anayejua hivyo hapeleki kikosi kwenye grupu la watu wasiomjua.

Hata kikosi kilichotolewa rasmi hakijafungwa kwa msumari. Mchezaji akiumia wakati wa kupasha misuli moto anabadilishwa, na mfano mkubwa kuliko yote wengi wetu tunaukumbuka. Fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 12 Julai 1998 pale Saint-Denis, orodha ya kwanza ya Brazil ilitoka bila Ronaldo, jina lililoandikwa ni la Edmundo. Alikuwa amepatwa na degedege mchana ule hotelini na kupelekwa kupimwa. Kisha ikatoka orodha ya pili, Ronaldo yumo, akacheza dakika zote. Ufaransa ikashinda 3-0. Sasa tazama jambo hili kwa makini: aliyewahi kuipa Ufaransa kwa sababu ya orodha ya kwanza alishinda pesa, lakini habari aliyoifuata haikusimama. Alipatia matokeo, akakosea sababu. Akiendelea hivyo kwa mwaka mzima, kile kisichosimama ndicho kitakachomlipisha.

Ndiyo maana siwezi kukushauri ujipime kwa mikeka iliyochana na isiyochana. Nunua daftari. Kwa kila dau andika vitu vinne: odi uliyochukua, saa uliyochukua, habari iliyokusukuma, na odi ya mwisho kabla ya mpira kuanza. Hiyo ya nne ndiyo hakimu, kwa sababu wakati huo soko limeshajua karibu kila kinachojulikana. Ukichukua 1.83 na mechi ikaanza ikiwa 1.70, uliwahi kweli, hata kama timu imefungwa. Ukichukua 1.83 na ikaanza 1.95, ulikuwa unakimbilia habari iliyopoa, hata kama umeshinda. Baada ya madau 50 hivi utaona upande wako. Watu wengi wanaojiona wana jicho la habari hugundua kwamba odi zao za mwisho zinatawanyika huku na huku bila mpangilio, maana yake hawakuwa na habari, walikuwa na hisia.

Daftari hilo hilo linakusaidia kujua kama habari fulani imeshaingia kwenye bei. Ukisikia kwamba mchezaji ana maumivu, tazama odi ilifunguliwa ngapi mwanzoni mwa wiki na sasa ni ngapi. Tovuti zinazolinganisha odi za kampuni mbalimbali huonyesha historia hiyo kwa mstari. Kama ilianza 1.70 na sasa ni 1.83, wenzako walishasikia. Kama haijasogea kabisa tangu Jumatatu na kocha ameshasema kwamba jamaa hayupo, usidhani umegundua dhahabu. Uwezekano mkubwa ni kwamba jeraha lilijulikana kabla odi hazijafunguliwa, au soko linaona aliye benchi hana tofauti naye. Hilo la pili tunalisahau mno. Kinachopimwa ni pengo kati yake na anayeingia badala yake. Timu yenye washambuliaji wawili wa kiwango sawa ikimkosa mmoja, bei haitikisiki. Timu ikikosa mabeki wawili wa kati kwa pamoja, hata wasio na majina, bei inaweza kusogea kuliko ulivyotarajia, na pengine zaidi kwenye soko la magoli kuliko kwenye la mshindi.

Kuna mechi ambazo kuwahi ni hatari maradufu, hata kwa mjuzi. Kombe la Carabao raundi za mwanzo, mechi ya ligi siku tatu baada ya safari ndefu ya Ulaya, siku ya mwisho ya makundi pale ambapo timu imeshafuzu. Huko kocha anaweza kubadili wachezaji wanane. Swali haliko tena kwenye goti la mtu mmoja, liko kichwani mwa kocha, na kocha hana deni la kukuambia ukweli. Anaposema "kila mtu yuko tayari", anazungumza na mpinzani wake pia.

Mkeka nao unakutega kwa namna yake. Ukiunganisha mechi za Jumamosi na Jumapili, umelazimika kubeti kabla ya vikosi vya Jumapili, upende usipende. Na fungu la kampuni linazidishwa kwa kila mechi: kwa mfano wetu kila shilingi inarudi kama 0.952, na mechi sita zinakuacha na 0.744, yaani kampuni inategemea kubaki na robo nzima ya pesa yako kabla hata hatujataja majeruhi.

Kama dau lako ni la mfungaji, soma kanuni ya kampuni yako kabla. Kwa kawaida asipocheza kabisa, dau linarudishwa, na kwenye mkeka mechi hiyo inahesabiwa odi 1.00. Lakini akiingia dakika ya 88, kwa kampuni nyingi dau la kufunga wakati wowote linahesabika limechezwa. Hapo ndipo kuwahi kunakoumia: hukupata mshambuliaji wa dakika 90, umepata wa dakika mbili, kwa bei ya dakika 90. Dau la timu kushinda halirudishwi kwa sababu ya kikosi, hata timu ikianza na vijana watupu.

Na ukishajikuta upande mbaya, tuseme uliweka 10,000 kwa 1.83 na kikosi kimetoka bila yeye, kitufe cha kuchukua pesa mapema si mkombozi. Thamani ya haki ya tiketi yako sasa ni asilimia 48 ya 18,300, kama 8,800. Kampuni itakupa chini ya hapo, kwa sababu inakata fungu lake mara ya pili. Kama dau lilikuwa dogo la kujifurahisha, liache likae. Kama unahisi lazima ulitoe kwa sababu ukipoteza hutalala, dau lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo.

Ile laki moja, basi. Umeniandikia kwamba ulikuwa na uhakika. Rudi kwenye hesabu yetu: hata mshambuliaji angeanza, timu ilikuwa na asilimia 44 za kutoshinda. Uhakika wako ulihusu kikosi, pesa zako ziliwekwa kwenye matokeo. Hivyo ni vitu viwili, na kati yao kuna mechi nzima ya dakika 90. Hakuna habari ya majeruhi duniani inayobeba uzito wa pesa ya kukopa.

Lipa deni hilo kwa kipato chako cha kawaida, hata kidogo kidogo, na mwambie uliyemkopa lini utamaliza. Usijaribu kulirudisha kwa mkeka. Mpaka liishe, usiweke dau lolote. Fungua sehemu ya akaunti yako kwenye apu, weka kikomo cha pesa unazoweza kuingiza kwa wiki, au tumia sehemu ya kujifungia kwa muda. Usipoiona, piga simu huduma kwa wateja uombe ufungiwe, na wakikataa peleka malalamiko kwa mamlaka inayowapa leseni, kwa Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Futa pia namba ya kampuni kwenye orodha ya malipo ya haraka ya simu yako, kwa sababu hatua mbili za ziada humpa mtu nafasi ya kupumua.

Kisha jiangalie kwa wiki mbili. Ukijikuta unakopa tena, unaficha kwa mke au mzazi, unauza kitu cha nyumbani, huli wala hulali ukisubiri kikosi, au unaweka dau la kukomboa lililopotea, hapo umepita kiwango ambacho ushauri wa odi unaweza kukusaidia. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wako uulize kitengo cha afya ya akili. Sema hivi hivi kwa maneno yako: "Nabeti, nashindwa kuacha, nimekopa." Wanaojua tatizo hili hawatakushangaa. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, na kabla ya kutoka nyumbani mkabidhi laini ya simu yenye pesa aishike yeye.